Baka Jeupe Mahali Unapoweka Ugoro
Hotuba ya daktari wa kinywa na meno kwa wazee, akina mama na wahudumu wa afya ya jamii

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Wahudumu wa afya ya jamii na vijana mliokuja kusikiliza, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze juu ya ugoro na tumbaku ya kutafuna, na ninajua kwamba wengi wenu mnatarajia kusikia yale yale: kwamba tumbaku ni mbaya, kwamba muiache, kisha niketi. Sitazungumza hivyo. Nitazungumza juu ya jambo moja tu ninaloliona mara kwa mara nikimwambia mgonjwa avute chini mdomo wake ili niangalie fizi za mbele, nalo ni baka jeupe lenye mikunjo, lililokaa mahali pale pale ambapo mtu huweka ugoro wake kila siku. Nikimuuliza limekuwapo tangu lini, wengi hujibu kwamba ni la zamani, haliumi, wala halimsumbui mtu. Nataka tulizungumzie hilo jibu la kwamba haliumi, kwa sababu ndilo linalowachelewesha watu kuliko woga wa hospitali na kuliko nauli.

Kwanza niseme ninazungumza na nani. Kuna anayenusa ugoro puani, kuna anayeubwia akauweka kati ya mdomo wa chini na ufizi, kuna anayetafuna jani la tumbaku lenyewe, na kuna ndugu zetu wa pwani na visiwani wanaotia tumbaku ndani ya tambuu pamoja na popoo na chokaa. Vijana wa mjini nao wana kuberi, ile inayouzwa katika vipakiti vidogo, ambayo wengine huichukulia kuwa kiburudisho cha mdomo wala si tumbaku. Baka ninalolizungumzia huwapata hasa wale wanaoweka tumbaku ndani ya mdomo, kwa namna yoyote ile. Ushahidi kuhusu ugoro unaonuswa puani peke yake ni mdogo zaidi, nami sitautia chumvi. Ila najua kutokana na wagonjwa wangu kwamba wengi wanaosema wananusa tu huwa pia wanabakiza kidogo kwa ajili ya mdomoni.

Sasa tuangalie kinachotokea pale chini ya mdomo. Ngozi ya ndani ya kinywa ni laini, ina unyevu, na katika sehemu ile kati ya mdomo na ufizi ni nyembamba mno, ndiyo maana ugoro unafanya kazi haraka ukiwekwa hapo. Ugoro wetu mara nyingi huchanganywa na magadi. Wazee wanasema magadi yanautia ukali, na wanasema kweli. Nikotini, kile kilevi kilichomo ndani ya tumbaku, hupenya ngozi vizuri pale tu inapokuwa katika mazingira ya alkali. Ugoro ukiwa wa kadiri katika kipimo cha alkali, yaani pH ya 8, takriban nusu ya nikotini iko katika hali ya kupenya. Ukiongezwa magadi hadi kufikia pH ya 9, sehemu hiyo inafika karibu 9 kati ya 10. Chokaa inayopakwa kwenye tambuu hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayesema ugoro wake mpya ni mzuri kwa kuwa unapanda kichwani mara moja anaeleza, bila kujua, kwamba umetiwa magadi mengi, na magadi hayo hayo yanaichoma ile ngozi laini kila siku.

Ngozi inayochomwa kila siku hujilinda. Kiganja cha anayelima kwa jembe huota sugu, na ndani ya mdomo jambo hilo hilo hutokea: tabaka la juu linanenepa na kujaza ile protini ngumu inayopatikana kwenye kucha. Kwa kuwa mdomoni kuna maji wakati wote, tabaka hilo lililonenepa huonekana jeupe. Mwanzoni ni weupe hafifu tu, kama wa maziwa yaliyotiwa maji mengi. Baadaye huja mikunjo, na kwa mtumiaji wa miaka mingi hugeuka kuwa jeupe zito au la kimanjano, lenye mifereji ya kina. Mara nyingi ufizi wa hapo hushuka, mizizi ya meno ikabaki wazi, na mtu akaanza kusikia ganzi ya maji baridi kwenye meno mawili au matatu tu, yale yanayopakana na ugoro.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingewasumbua. Tatizo ni kwamba tumbaku haina magadi na nikotini tu. Majani yanapokaushwa, yanapovundikwa, na yanapohifadhiwa yakiwa na unyevu, vijidudu vilivyomo hugeuza chumvi za nitreti, kisha nikotini yenyewe na ndugu zake hugeuzwa kuwa kemikali ziitwazo nitrosamini za tumbaku. Hizi ndizo zinazoharibu maagizo ya urithi ndani ya seli. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limezipima tumbaku zisizovutwa kwa moto na kuziweka katika kundi la 1, yaani kundi la vitu ambavyo hakuna tena shaka kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani zilizotajwa ni za kinywa, za umio na za kongosho. Popoo nayo, hata bila tumbaku, imewekwa katika kundi hilo hilo. Nalisema hili kwa sababu niliwahi kuambiwa na wazee wa pwani kwamba wameacha tumbaku katika tambuu na kubakiza popoo tu, wakidhani wamevuka. Hawajavuka bado.

Basi chini ya lile tabaka jeupe yanaendelea mambo mawili kwa pamoja: seli zinazojilinda, ambazo hazina hatia, na pengine, katika sehemu ndogo tu ya baka, seli zilizoharibika ambazo zinazaliana bila mpango. Kwa macho, mambo haya mawili yanaweza kufanana kabisa. Na wala seli zilizoharibika haziumi. Saratani ya kinywa katika hatua zake za mwanzo kwa kawaida haina maumivu. Maumivu huja inapopasuka na kuwa kidonda kikubwa, inapoingiwa na vijidudu, au inapogusa mshipa wa fahamu. Vidonda vinavyouma sana, vile vya ghafla baada ya kujing'ata au kula kitu cha moto, kwa kawaida hupona vyenyewe ndani ya wiki 1 hadi 2. Kwa hiyo mtu anayesubiri maumivu ndipo aje ameshika kipimo kilichopinduka: vinavyouma mapema mara nyingi si hatari, na kile cha hatari kinanyamaza.

Nisitishe mtu bure. Kati ya watu wenye mabaka meupe ya ugoro, walio wengi hawatapata saratani kamwe. Na kuna habari njema zaidi: mabaka mengi ya aina hii hupotea mtu akiacha. Huko Marekani, kikosi cha anga huwakataza wanajeshi wapya tumbaku wakati wa mafunzo ya mwanzo, na madaktari wa meno waliwachunguza vijana waliofika wakiwa na mabaka meupe ya tumbaku ya mdomoni. Baada ya wiki 6 bila tumbaku, karibu wote walikuwa hawana baka tena. Wale walikuwa vijana, ambao hawakuwa wametumia kwa miaka 30 au 40 kama baadhi yenu, kwa hiyo siwaahidi kasi ile ile. Lakini jambo hilo linatupa kipimo cha maana sana kisichohitaji mashine: baka linaloondoka ukiacha tumbaku lilikuwa la kujilinda, na baka linalobaki, au sehemu yake inayobaki, ndiyo inayotakiwa kuchunguzwa.

Hapa watu wanakosea katika jambo moja ambalo lazima nilitaje. Wanahama upande. Mama ameona baka upande wa kushoto, au mdomo umeanza kumwasha, basi anaanza kuweka ugoro kulia. Baada ya mwezi, kushoto kumepungua weupe, anasema amepona, na mwaka mmoja baadaye ana mabaka mawili. Kuhama upande si kuacha. Wala haitoshi kupunguza magadi, ingawa nakubali kwamba ugoro usio na magadi hauchomi sana. Nitrosamini hazitoki kwenye magadi, zinatoka kwenye tumbaku yenyewe.

Niwaeleze sasa mgonjwa mmoja. Nimemuunganisha kutokana na wagonjwa kadhaa, ili asiwepo mtu yeyote hapa anayeweza kusema anamjua. Tuseme ni mama wa miaka 58, mkulima, aliyeanza ugoro akiwa msichana kwa kumtayarishia bibi yake. Huweka upande wa kushoto chini ya mdomo, mara kadhaa kwa siku, na usiku hulala nao. Jino lake moja la mbele limelegea. Alikwenda duka la dawa akapewa dawa ya zambarau ya kupaka, ile tunayoiita jivii, kisha akapewa vidonge vya amoksilini. Jino likaendelea kulegea, akaling'oa kituoni. Wiki 5 baadaye tundu la jino halijafunga, na ndipo mwanawe akamleta kwangu.

Ninawaomba wahudumu wa afya mliopo mlishike hilo la tundu. Tundu la jino lililong'olewa linapaswa kuwa limeanza kufunikwa na nyama ndani ya siku chache, na kufikia wiki 3 au 4 liwe limefunga kwa juu. Tundu lisilofunga, hasa kama jino lililegea peke yake huku majirani zake yakiwa imara, lina sababu nyingine, nayo isipoulizwa itazidi kukua. Na dawa ya zambarau, mama zangu, ina kazi yake, lakini ukiipaka kwenye baka kabla ya kuja kuchunguzwa unanifumba macho. Ninahitaji kuona rangi halisi: nyeupe iko wapi, nyekundu iko wapi. Kila kitu kikiwa cha zambarau, sioni chochote.

Nilipomchunguza mama huyu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuufuta ule weupe kwa kipande cha shashi kikavu. Fangasi ya mdomoni, inayowapata watoto wachanga, wazee wenye meno bandia na watu ambao kinga yao imepungua, hufutika ikaacha wekundu chini yake. Baka la tumbaku halifutiki. La kwake halikufutika. Kisha nikalipima kwa rula: urefu wa sentimita 3, upana wa sentimita moja na nusu. Watu hushangaa daktari akipima, lakini bila kipimo kilichoandikwa mwezi huu, mwezi ujao tutakuwa tunabishana kwa kumbukumbu tu. Halafu nikaligusa kwa kidole chenye glavu, nikilibana kati ya kidole cha ndani na cha nje ya mdomo. Sehemu kubwa ilikuwa laini kama ngozi ya kawaida. Lakini karibu na lile tundu la jino palikuwa na sehemu ndogo, ya milimita 8 hivi, ambayo rangi yake ilichanganya nyekundu na nyeupe, na chini yake pakawa pagumu kidogo.

Kama mna kitu kimoja cha kukumbuka kuhusu rangi, kiwe hiki: nyekundu inatutisha kuliko nyeupe. Baka jekundu lisilo na sababu, au jeupe lenye madoadoa mekundu, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na seli mbaya kuliko lile jeupe tupu lililo laini na la usawa. Na ugumu chini ya kidole ni habari mbaya kuliko rangi yoyote. Mwisho nikapapasa shingo, chini ya taya na kushuka pande zote mbili, nikitafuta tezi. Tezi inayouma na kuteleza mara nyingi ni ya maambukizi ya kawaida. Tezi ngumu isiyouma, ambayo imeshikana na pale ilipo, inanifanya nisilale. Yeye hakuwa nayo.

Tulikubaliana aache ugoro kwa wiki 2, pande zote mbili, kisha arudi. Kwa baka lote jeupe lililo laini ningeweza kumpa wiki 6. Kwa ile sehemu nyekundu yenye ugumu sikutaka kupita wiki 2, na kama angekuwa anatoka mbali, ambako nauli ya kurudi ni kikwazo, ningekata kinyama siku ile ile. Alirudi. Weupe mwingi ulikuwa umepungua waziwazi, mikunjo imelala, na yeye mwenyewe aliliona kwenye kioo. Ile milimita 8 ilikuwa pale pale.

Hapo tukafanya kile ambacho watu wanakiogopa kuliko vyote, yaani biopsi, au kukata kinyama kidogo kwa ajili ya kipimo. Nitaieleza hatua kwa hatua, kwa sababu nimegundua kwamba woga mwingi unatokana na kutojua. Anachomwa sindano ya ganzi, ile ile ya kung'olea jino. Kipande kinachokatwa kina milimita 5 hivi, chenye umbo la kipande cha chungwa. Kinachukuliwa kwenye ile sehemu mbaya kuliko zote, si kwenye ile nyeupe iliyo rahisi kufikika, na kinachukuliwa kikiwa na kina cha kutosha na ukingo mdogo wa ngozi nzima, ili anayekitazama aone mpaka kati ya kizima na kibovu. Nyuzi moja au mbili za kushona, anang'ata shashi kwa dakika kadhaa, anakwenda nyumbani akiwa na dawa ya maumivu. Kidonda hicho hupona ndani ya wiki moja au zaidi kidogo.

Kinyama chenyewe huwekwa mara moja kwenye chupa yenye formalini, wingi wa maji hayo ukiwa angalau mara 10 ya kinyama. Kikiachwa kikauke, au kikitiwa kwenye maji ya kawaida kwa sababu formalini imeisha, seli zinaharibika na jibu litakalorudi halitakuwa na maana; ni afadhali mgonjwa arudi kesho kuliko kukata leo bila chupa sahihi. Chupa iandikwe jina na mahali kinyama kilipotoka, iambatane na fomu inayosema wazi kwamba mgonjwa anatumia ugoro na kwa miaka mingapi. Inakwenda kwa mtaalamu wa patholojia, anayeikata vipande vyembamba mno na kuvitazama kwa hadubini. Katika hospitali za wilaya nyingi mtaalamu huyo hayupo, kwa hiyo sampuli inasafiri hadi hospitali ya rufaa au ya kanda, na jibu linaweza kuchukua wiki 2 hadi 4. Muulizeni daktari tarehe ya jibu na mwachieni namba ya simu inayopatikana. Nimeona majibu mazito yakikaa kwenye kabati kwa sababu mwenyewe alibadilisha laini ya simu.

Kuna imani kwamba kisu kikigusa saratani kinaiamsha na kuisambaza mwilini. Ninaelewa ilikotoka. Mtu alikaa na uvimbe kwa mwaka mzima, akaja hospitali ukiwa umeshaenea, akakatwa kinyama, na miezi michache baadaye akafariki; majirani wakaunganisha kisu na kifo. Lakini kisu kilikuja mwisho. Kukata kinyama kidogo kwa njia niliyoieleza hakuifanyi saratani ya kinywa kuenea, na hakuna namna nyingine ya kuaminika ya kujua kilichomo ndani ya baka. Picha ya simu haitoshi, kipimo cha damu hakitoshi, na macho yangu, baada ya miaka yote hii, hayatoshi.

Jibu la mama yetu lilisema kwamba seli zake zimeharibika kwa kiwango cha juu, lakini bado ziko ndani ya tabaka la juu, hazijavunja ukuta kuingia ndani. Hiyo bado si saratani. Ni hatua ya mwisho kabla yake. Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu yote pamoja na ukingo wa ngozi nzima kuizunguka, na kinyama chote kikapimwa tena ili kuhakikisha kwamba hapakuwa na kitu kilichojificha. Alikaa hospitali muda mfupi, na leo anakula ugali. Anarudi kuangaliwa kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza, kisha kila miezi 6, kwa sababu kinywa chote kilikaa na tumbaku kwa miaka mingi, na baka jingine linaweza kutokea mahali pengine.

Angekuja mwaka mmoja au miwili baadaye, pengine tungezungumza mambo mengine kabisa: kuondoa sehemu ya taya, kufungua shingo kutoa tezi, mionzi ya wiki 6 au zaidi, huku akikaa mbali na nyumbani, pengine Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani Ocean Road au katika mojawapo ya hospitali za kanda zinazotoa huduma hiyo. Mionzi ya kinywa inakausha mate, na meno mabovu hulazimika kung'olewa kabla haijaanza, kwa sababu taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri likijeruhiwa. Ugonjwa ni ule ule na mtu ni yule yule. Tofauti ni ukubwa wa kile kilichokuwa pale siku ya kwanza.

Nigusie koo kwa ufupi, kwa kuwa huko kioo changu hakifiki. Mate ya tumbaku hayatemwi yote. Mengine humezwa, hasa na anayelala nao mdomoni. Yanapita kooni na kwenye umio, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki tayari ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani nyingi ya umio, kwa sababu zaidi ya moja. Dalili za huko ni hizi: sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3 bila mafua, kidonda cha koo cha upande mmoja kisichokwisha, maumivu ya sikio moja ilhali sikio lenyewe ni zima, kwa kuwa mshipa wa koo na wa sikio ni jamaa, na chakula kinachokwama, kwanza ugali na nyama, kisha hata kilaini kama ndizi, na mwishoni uji. Anayefikia uji amechelewa. Kwa dalili hizo msije kwangu, muende kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye hupitisha kamera nyembamba puani akaangalia koo, au mkapelekwe kupimwa umio kwa kamera inayopita mdomoni.

Kijana mmoja aliniuliza kabla ya mkutano kuhusu watu wa Sweden, ambao wanatumia ugoro wa mdomoni kwa wingi na bado wanaishi miaka mingi. Ni swali zuri. Ugoro wao hupashwa moto kiwandani badala ya kuvundikwa, kwa hiyo nitrosamini zake ni chache sana kuliko za ugoro wa kusagwa nyumbani au, mfano ulio mbaya zaidi, ule tumbaku wa Sudani uitwao tumbak. Hata hivyo nao huleta lile baka jeupe lenye mikunjo. Na ugoro unaouzwa sokoni kwetu, ndani ya kopo lililofungwa kwa nailoni, haujapimwa na mtu yeyote. Hatujui una nini mwezi huu wala mwezi ujao.

Kuacha ni kazi, sitadanganya. Siku za kwanza 3 au 4 ndizo ngumu: hasira, kichwa kuuma, usingizi kukatika, mdomo kutafuta kitu. Hali hiyo hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Vibandiko na ubani wa nikotini ni adimu katika maduka ya wilayani, kwa hiyo wengi mtaacha bila msaada wa dawa. Wagonjwa wangu wengi hutafuna kipande cha tangawizi au hula karanga, na wengine huomba familia wasitume mtu kuwaletea ugoro sokoni. Ninajua kwamba ugoro una nafasi yake pia katika kupokea wageni na katika matambiko ya wazee, nami si mtu wa kuja hapa kuwavunjia heshima. Aliye na jukumu la kimila anaweza kuushika na kuutoa bila kuuweka mdomoni mwake kila siku. Wazee wawili wamenithibitishia hilo wenyewe.

Baada ya maneno haya tutakuwa na meza kule chini ya mwembe, na taa ya kichwani, na vioo. Anayeweka ugoro au kutafuna tambuu aje hata kama haoni kitu, na aniambie upande anaouwekea, kwa sababu ndiko nitakakoanzia. Msipige mswaki kwanza wala msipake dawa yoyote. Wenye meno bandia wayatoe na kuyaweka mfukoni kabla ya kufika, maana mabaka mengine hujificha chini yake. Atakayekutwa na baka jeupe lililo laini ataandikiwa kipimo chake na tarehe ya kurudi baada ya wiki 6 za kuacha. Atakayekutwa na wekundu, ugumu, kidonda kilichozidi wiki 3, au tundu la jino lisilofunga, atapewa barua ya rufaa leo hii, na muuguzi atachukua namba ya simu yake pamoja na ya ndugu mmoja anayekaa naye.